Mshale juu ya kichwa cha mchezaji: CapCut, Kdenlive ama DaVinci Resolve?

Zile klipu za mpira ambapo kimshale kinaelea juu ya kichwa cha mchezaji mmoja na jina lake liko hapo, akikimbia kinakimbia naye, ndo kitu naongelea leo. Huku Busia makocha wanaziomba sana siku hizi, wanataka skauti akiangalia klipu kwa simu asiulize "ni yupi sasa?" kwa sababu vijana kumi na mmoja wote wamevaa jezi rangi moja na wengine hata namba mgongoni hawana.

Watu wakiuliza watumie programu gani wanajibiwa "hii ni rahisi, ile ni ngumu" basi, mi naona hilo swali linajibiwa vibaya. Kuanza ni rahisi kwenye programu zote, unaweka kibox juu ya mtu, unabonyeza, mshale unafuata. Tofauti inakuja pale traka, ile sehemu ya programu inayomfuata mtu, inapompoteza, na kwa mpira itampoteza, lazima mtu apite mbele yake. Kwa hivyo nitazilinganisha kwa klipu moja tu na kwa hicho kitu kimoja: ikimpoteza, unamrudishaje?

Klipu yenyewe ni hii. Sekunde 12, fremu 30 kwa sekunde, so ni fremu 360, saizi 1920 kwa 1080. Simu imesimama kwenye tripodi pembeni ya uwanja na picha inashika kama mita 35 za uwanja kutoka kushoto hadi kulia. Winga anatoka kushoto anakimbia kwenda boksi, na kuanzia fremu ya 140 mpaka 152 refa anapita mbele yake, anafichika kabisa, kisha anatokea upande wa pili akiwa bado anakimbia.

Fanya hesabu kidogo hapa maana ndo inaamua mambo mengi. Mita 35 kwenye pikseli 1920 ni karibu pikseli 55 kwa kila mita. Mchezaji wa mita 1.75 anakuwa na urefu wa pikseli 96 hivi, na kichwa chake ni pikseli 12 ama 13 tu kwa urefu. Akikimbia mita 7 kwa sekunde anasogea pikseli 385 kwa sekunde, yaani karibu 13 kwa kila fremu. Sasa ikiwa jua limeenda, mechi za jioni zile, simu inafungua shata kwa 1/30 ya sekunde na ndani ya muda huo mtu amesogea pikseli 13, maana yake ukungu wa mwendo umekuwa mkubwa sawa na kichwa chenyewe! Kichwa kimepakwa kama rangi, hakuna kitu cha kushika. Mchana kweupe shata ikiwa 1/250 ukungu ni pikseli moja na nusu tu, hapo hata traka mbovu inafanya kazi.

Traka ya kawaida inafanya hivi: inachukua picha ya kile kilicho ndani ya kibox chako, inaenda fremu inayofuata, inatafuta jirani na pale mahali panapofanana zaidi. Haijui kama ni mtu, haijui jina lake, inafananisha tu rangi na maumbo. Ndo maana watu wanaoweka kibox kwenye kichwa kwa sababu mshale utakaa juu ya kichwa wanapata shida, kichwa ni kidogo na kinafanana na vichwa vingine vyote. Weka kibox kuanzia mabega hadi magoti, jezi na bukta pamoja, hapo una kitu cha pikseli 40 kwa 60 hivi chenye rangi mbili tofauti na kijani cha nyasi. Mshale utapandishwa juu baadaye, mahali unapotraki na mahali mshale unakaa si lazima pawe pamoja.

Kitu kingine kabla hujafungua programu yoyote ni faili. Kocha akikutumia klipu kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, pikseli zinaungana kuwa vibox vibox na traka inaanza kucheza ngoma, mwambie aitume kama Document. Na simu nyingi zinarekodi fremu ambazo haziko sawa, mara 30 mara 28 mara 29 kulingana na mwanga, dalili yake ni mshale unaoanza vizuri kisha unaanza kuchelewa nyuma ya mtu kidogo kidogo, kufika sekunde ya kumi uko nusu mita nyuma. Ukiona hivyo usilaumu traka, nyoosha faili kwanza kwenye kompyuta kwa amri hii ya programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i mechi.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac mechi30.mp4
```

Sasa twende kwenye programu.

CapCut kwenye simu

Hii ndo wengi wanayo tayari. Unaweka klipu, unaongeza maandishi ama stika ya mshale, unaikalisha juu ya kichwa cha mchezaji kwenye fremu ya kwanza, unaigusa, unatafuta Tracking chini huko kwenye menyu, kinatokea kibox unakibana na kukivuta mpaka kikae kwenye jezi, unaanzisha. Inahesabu, imekwisha. Umbali kati ya mshale na mchezaji unabaki vile ulivyouweka. Kuna vitu kwenye hiyo apu vinahamishwahamishwa kati ya bure na kulipia, so kabla hujaahidi mteja kitu jaribu kueksporti klipu fupi uone kama inakudai pesa.

Kwa klipu ya mtu mmoja anayetembea bila kupitwa na mtu, sijui kwa nini utumie kitu kingine, unamaliza ukiwa umekaa kwenye boda stendi. Ila kwenye winga wetu, fremu ya 140 refa akifika, mara nyingi mojawapo ya vitu viwili inatokea: mshale unaondoka na refa, ama unabaki pale alipopotelea unatetemeka. Na hapo ndo shida ya CapCut, ile njia iliyopita haikupi uishike fremu kwa fremu uirekebishe, umepewa matokeo tu, ukubali ama urudie yote.

Dawa yake ni kukata mshale vipande viwili. Kipande cha kwanza kiishe pale anapofichika, kama sekunde 4.6, cha pili kianze pale ametokea mzima mzima, sekunde 5.1, ukitraki upya na kibox kipya. Katikati hapo mshale haupo kwa karibu nusu sekunde, weka unafifia wakati wa kutoka na wakati wa kuingia na kusema kweli mtazamaji haoni kama ni kasoro, mtu amefichika na mshale umefichika, inaeleweka. Tatizo ni kwamba kama amepitwa mara tano kwa klipu moja utakuwa na vipande sita na mshale unawakawaka kama taa ya teksi, hapo toka kwenye simu.

Kdenlive

Ni ya bure kabisa, inakaa kwenye Windows, Linux na Mac, na laptopu ya ramu GB 8 inaibeba bila kulia. Kwa kazi hii ya mpira mi ndo naipendelea na sababu ni moja: ikishatraki, inakupa matokeo kama vialmasi vya kawaida vya Keyframe, yaani alama za mahali kitu kilipo kwenye fremu fulani, na vialmasi unaweza kufuta, kusogeza, kuongeza, vile unataka.

Njia yake imezunguka kidogo kwa hivyo naieleza polepole. Weka klipu kwenye taimlaini, iongezee efekti inaitwa Motion Tracker. Inatokea mraba juu ya picha, uvute ukae kwenye jezi na bukta ya winga kwenye fremu ya kwanza ya klipu. Kuna sehemu ya kuchagua algorithimu: KCF inaenda haraka, CSRT ni ya polepole lakini inashika zaidi mtu anapogeuka ama kubadilika umbo, kwa mpira chagua CSRT uende ukanywe chai. MOSSE ina mbio kuliko zote na inapoteza kuliko zote, iache. Kuna pia Keyframes spacing, ikiwa 5 inamaanisha inaacha kialmasi kila fremu ya tano, iache hivyohivyo maana kuruka fremu kunasaidia mshale usitetemeke, ukiweka 1 utapata kila mtikisiko wa jezi. Bonyeza Analyse.

Ikimaliza utaona mraba unatembea na winga. Hapo kwenye menyu ya vialmasi vya hiyo efekti unakopi vialmasi vyote kwenye klipubodi. Kisha tengeneza taitoli yenye mshale, na hapa ndo wengi wanakwama: mshale uweke kwenye kona ya juu kushoto kabisa ya taitoli, usiuweke katikati. Sababu ni kwamba taitoli ni ukurasa mzima wa 1920 kwa 1080 hata kama una kimshale tu, na programu itasogeza ukurasa mzima kona yake ikae kwenye kona ya mraba. Mshale ukiwa katikati ya ukurasa utaonekana mbali kule karibu nje ya picha, na watu wanasema programu ina hitilafu.

Weka taitoli kwenye traki ya juu, ianze fremu ileile klipu inapoanza, ipe efekti ya Transform, fungua menyu yake, chagua Import keyframes from clipboard. Hapo chukua nafasi tu, usichukue na ukubwa, ukichukua na ukubwa taitoli nzima inabanwa iwe saizi ya mraba na mshale unakuwa nukta. Kuhusu urefu: mraba wetu unaanzia mabegani, kichwa kiko pikseli 17 hivi juu yake, acha nafasi ya pikseli 10, mshale wenyewe una urefu wa 40, so sogeza Y kwa karibu -70. Upana mshale ukiwa 40 sawa na mraba, X iache 0. Mwisho rudi kwenye klipu uzime Motion Tracker, la sivyo ule mraba utatoka na wewe mpaka kwenye video ya mwisho.

Sasa refa. Kuna hali mbili na unazitambua kwa kucheza fremu moja moja kuanzia 135. Hali ya kwanza, traka ilichanganyikiwa kidogo lakini ikamshika tena winga alipotokea. Hapo vialmasi vibaya ni vya 140, 145, 150 labda na 155. Vifute. Programu itachora mstari wa moja kwa moja kutoka 135 mpaka 160, ni fremu 25, chini ya sekunde moja, na mtu anayekimbia kwenda goli kwa sekunde moja huwa hapindi sana. Mshale unapita juu ya refa kwa utulivu na kukutana na mtu wake upande wa pili, inapendeza kuliko hata ule wa kufifia, mtazamaji anaendelea kujua yuko wapi hata akiwa hamwoni. Dakika mbili kazi imeisha.

Hali ya pili, traka iliondoka na refa moja kwa moja na haikurudi. Hapo kufuta hakutoshi, kila kitu baada ya 140 ni cha refa. Kata klipu kwenye 155, pale winga ameonekana mzima, kata na taitoli palepale, weka Motion Tracker upya kwenye kipande cha pili na mraba mpya, uimpoti kwenye taitoli ya pili. Halafu kwenye taitoli ya kwanza futa vya 140 na kuendelea, na kwenye fremu yake ya mwisho ongeza kialmasi kimoja kwa mkono chenye namba zilezile za X na Y za kialmasi cha kwanza cha taitoli ya pili. Bila hicho mshale unasimama pale 135, unagoma nusu sekunde, kisha unaruka ghafla.

Kasoro za Kdenlive zipo. Kuanalaizi klipu ndefu kunachosha, na umeme ukienda katikati ya kazi na betri yako ni ile ya kuomba Mungu utaanza upya, kwa hiyo kata kwanza sekunde unazohitaji, usianalaizi mechi ya dakika 90. Kingine ni kwamba mshale unaofuata nafasi tu haukui wala haupungui mtu akikaribia kamera. Kwa mpira hiyo si shida, tena mshale wa saizi moja unasomeka vizuri, ila kwa kazi nyingine ni shida na nitarudi hapo.

DaVinci Resolve

Toleo la bure linatosha kwa hii kazi, linaeksporti mpaka 3840 kwa 2160 bila nembo ya maji ilimradi hujagusa efekti za Studio. Lakini ni zito bana. Wenyewe wanapendekeza ramu GB 32 kama utatumia Fusion, ukurasa wake wa kutengeneza efekti, na traka tunayotaka iko Fusion. Kwenye GB 16 na kadi ya michoro ya maana unaweza, kwenye laptopu ya GB 8 ya ofisini usijisumbue.

Ndani ya Fusion unakuta MediaIn1 na MediaOut1. Katikati unaweka Merge, unaleta Text+ kwenye pembetatu ya kijani ya Merge. Pembeni unatundika Tracker ikitoka MediaIn1. Kila traka ina vibox viwili, cha ndani ni kile unachokitafuta na cha nje ni eneo la kutafutia. Hapa ile hesabu ya pikseli 13 inakulipa: cha nje lazima kizidi cha ndani kwa zaidi ya pikseli 13 kila upande la sivyo winga anatoka nje ya eneo kabla hajatafutwa, mi naweka kama mara mbili, 26 ama 30. Usikifanye kikubwa mno pia, kila unapokipanua unamwalika mchezaji mwingine mwenye jezi hiyohiyo aingie ndani yake. Baada ya kutraki unaenda kwenye Text+, Layout, kwenye Center unaklik kulia, Connect To, Tracker1, unachagua ile yenye maneno Offset Position. Kisha kupandisha mshale juu ya kichwa unatumia Y Offset ndani ya Tracker. Namba za Fusion zinaenda 0 mpaka 1, si pikseli, na kibox kikiwa kwenye jezi katikati yake iko kama pikseli 50 chini ya utosi wa mtu, so ukitaka katikati ya mshale ipande pikseli 80 ni 80 gawa 1080, karibu 0.074.

Refa akija Resolve ina kitu kizuri kama mtu amefichika nusu tu. Kwenye Tracker kuna Path Center, ukiweka Track Center (append) unaweza kusimamisha kabla jezi haijafichika, ukahamisha kibox kwenye kitu kingine cha mtu huyohuyo kinachoonekana bado, kwa mfano soksi nyeupe, ukaendelea, na njia inaunganika bila mshale kuruka kwenda kwenye soksi. Kwa mtu anayefichika mguu ama kifua tu hakuna kinachoshinda hii kati ya hizi tatu. Lakini winga wetu anafichika wote kuanzia 140 mpaka 152, hakuna soksi ya kuhamia, unabaki kutraki mbele mpaka 139, kuruka mpaka ameonekana, kukikalisha kibox tena na kuendelea, yaani unarudi kwenye kazi ileile ya Kdenlive ukiwa na kompyuta ya gharama kubwa zaidi.

Ambapo Resolve inajilipa ni kitu kinachobadilika ukubwa. Chukua teksi inatoka stendi ya Busia kuelekea Tororo, kamera iko nyuma, unataka jina la sako liandikwe juu yake na lipungue teksi inavyoenda mbali. Pointi moja haiwezi kujua ukubwa, inajua mahali tu. Weka traka mbili kwenye Tracker moja, moja kona ya taa ya kushoto na nyingine ya kulia, mbali iwezekanavyo, traki zote, kisha maandishi yaunganishe kwenye pembetatu ya kijani ya Tracker yenyewe na uipeleke Tracker kwenye MediaOut1, kwenye Operation chagua Match Move, Merge iwe FG over BG, na uweke tiki kwenye Position na Scaling. Taa mbili zikikaribiana maandishi yanapungua. Rotation acha bila tiki, barabara ina mashimo na teksi ikiyumba hutaki jina liyumbe nalo.

Kuna wanaouliza After Effects

Inafanya yote haya, unatraki kwenye Null, leya tupu isiyoonekana, kisha unafunga maandishi kwenye hiyo Null, safi sana. Ila inalipiwa kila mwezi, kama huna tayari mshale mmoja si sababu ya kuanza kulipa.

Na kuna ile ya mkono, bila traka kabisa. Klipu ya sekunde tatu, mtu anakimbia moja kwa moja, weka kialmasi mwanzo, kimoja mwisho, kingine pale anapobadilisha kasi ama mwelekeo, cheza, ongeza pale mshale unapoachana naye. Vialmasi vitano sita vinatosha na mshale hautetemeki hata kidogo maana hakuna traka ya kutetemeka. Klipu ya jioni yenye ukungu, ile ya pikseli 13, huwa naenda moja kwa moja kwenye hii hata kama Resolve imefunguka tayari.

Kwa hiyo mimi naangalia klipu mara moja kabla ya kuchagua, nahesabu amepitwa mara ngapi. Hakupitwa ama amepitwa mara moja, na kazi ni ya status tu: CapCut. Amepitwa mara kadhaa kwenye msongamano wa boksi: Kdenlive na CSRT. Kitu kinakuja ama kinaenda mbali, au kinafichika nusu nusu, na mashine inaruhusu: Resolve. Na mshale wenyewe upake njano wenye ukingo mweusi wa pikseli 3 ama 4, nyeupe inapotelea mbinguni mpira ukipigwa juu na nyekundu kwenye nyasi inakuwa matope skauti akiwa amepunguza mwanga wa simu kuokoa chaji.